Hiace au Coaster kwa daladala: ipi inarudisha hela haraka?

Wakuu, hili swali la "nina milioni sitini na kitu, ninunue Hiace mbili au Coaster moja" linaulizwa kila siku na majibu mengi yanaanzia kwenye gari, mtu anakwambia Coaster ndo gari mwingine anasema Hiace haina presha. Mimi nadhani wanaanzia mwisho. Gari ya abiria inachaguliwa na njia, kwahiyo anza na njia utakayopiga, nenda kwenye siku ya kawaida ya dereva kwenye hiyo njia, ndo ujue gari ipi inakaa pale. Ntalinganisha hizi mbili kwa mazingira ya Dar na miji mingine ya Tanzania, Rosa na Civilian ntazigusa kidogo, na ntaweka hesabu yenye namba ili kila mtu abadilishe aweke za kwake.

Tuanze na leseni maana hapa ndo watu wanakwama gari ikiwa imeshanunuliwa. Leseni ya kusafirisha abiria inatolewa na LATRA, waliochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na ile leseni imeandikwa njia, yaani gari yako inaruhusiwa kutoka wapi kwenda wapi. Sasa LATRA wanaangalia pia ukubwa wa gari kwa njia husika. Kwa Dar njia zinazoingia katikati ya jiji ni za Coaster na magari makubwa zaidi, Hiace utaziona pembezoni, zile njia za kuunganisha mitaa na barabara kubwa. Arusha, Mbeya na miji mingine bado Hiace zina nafasi kubwa mpaka ndani ya mji. Halafu kuna njia ambazo magari yameshajaa na ukiomba utaambiwa uchague nyingine. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi ya advansi nenda ofisi ya LATRA ya mkoa wako uulize vitu viwili tu, hii njia bado inapokea magari, na inapokea gari ya viti vingapi. Wengine hawaulizi kwa sababu wameona gari za aina hiyo zinapita pale, lakini zinazopita pengine ni za siku nyingi au zinapita kwa kuibia, na wewe ukija na gari mpya unapewa njia ambayo hukuipigia hesabu kabisa.

Ombi lenyewe unafanya mtandaoni kwenye mfumo wao wa RRIMS. Unatakiwa uwe na TIN, kadi ya gari yenye jina lako, bima ya gari ya abiria, ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, na mambo ya dereva. Ukinunua daladala ambayo tayari inapiga kazi usije ukaihesabia leseni ya muuzaji kama sehemu ya bei, eti "gari inakuja na njia yake". Wewe ni mmiliki mpya, hamisha kadi TRA kwanza halafu uombe kwa jina lako. Na kabla ya kulipa ingiza namba ya gari kwenye tms.tpf.go.tz uone madeni ya faini, daladala zinabeba faini nyingi na muuzaji hawezi kukutajia mwenyewe.

Hapo kwenye dereva kuna kitu kinaathiri idadi ya viti moja kwa moja. Madaraja ya leseni ya udereva ya abiria kwetu yamegawanywa kwa idadi ya abiria, C2 ni chini ya 15, C1 ni kuanzia 15 mpaka chini ya 30, na C ni 30 na kuendelea. Coaster nyingi kutoka Japani zinakuja na viti 29 kwa kuhesabu na cha dereva na vile vya kukunja vya katikati, kwahiyo dereva wa C1 anatosha. Sasa kuna mafundi wa kupanga viti watakwambia "bosi tukibana hapa unapata 32", unakubali, halafu unakuta dereva wako wa C1 hafai tena, bima imepanda maana ya abiria inaangalia viti, na abiria wa nyuma magoti yamegusa kiti cha mbele. Kwa viti vitatu hivyo mimi sioni faida. Kwa Hiace nako chunga huo mstari wa 15, ukiwa na viti 14 vya abiria unapata madereva wa C2 ambao ni rahisi kuwapata, ukizidisha unahitaji C1.

Haya tuje kwenye hela.

Daladala nyingi zinaendeshwa kwa hesabu, yaani dereva anakuletea kiasi fulani kila siku na mafuta, konda na mambo ya stendi yote ni juu yake. Tajiri wengi wanapanga hesabu kwa kuuliza jirani "wewe unaletewa ngapi", nao wanaitaka hiyohiyo. Hesabu inayodumu ni ile inayobaki baada ya dereva kulipa kila kitu na yeye kupata cha kupeleka nyumbani, ukipanga juu ya hapo ataleta wiki tatu za kwanza, baadae ataanza kuikimbiza gari, kuzidisha, kuruka sevisi, au kukwambia leo trafiki wamekamata. Kwahiyo nitaipigia hesabu kutoka upande wa dereva.

Chukua njia ya kilomita 9 hivi. Nauli iliyotangazwa na LATRA na kuanza Desemba 2023 kwa njia isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 mtu mzima, mwanafunzi 200. Dizeli nimeweka shilingi 3,000 lita ili namba iwe nyepesi, we weka bei ya wiki hii. Vichwa ninavyosema hapa ni wanaolipa kwa tripu moja ukiwa umechanganya asubuhi gari imejaa na saa sita mchana gari inarudi na watu tisa, wanaoshuka njiani na kiti kikapata mtu mwingine nao wamo. Tripu ni upande mmoja, kwenda ni moja na kurudi ni nyingine. Hizi ni namba za mfano.

| Kwa siku | Hiace viti 14 | Coaster viti 28 |
|---|---|---|
| Tripu | 16 | 14 |
| Vichwa kwa tripu | wakubwa 13, wanafunzi 2 | wakubwa 24, wanafunzi 6 |
| Makusanyo | 131,200 | 218,400 |
| Dizeli | 51,000 (lita 17) | 75,000 (lita 25) |
| Dereva na konda | 25,000 | 30,000 |
| Stendi, kuosha n.k. | 6,000 | 10,000 |
| Inayobaki | 49,200 | 103,400 |

Hiace imepata tripu mbili zaidi kwa sababu inajaa haraka, haikai kituoni ikisubiri, na kwenye foleni inapenya. Kwa hiyo siku hesabu ya Hiace inayopumua ni 45,000 na ya Coaster ni 100,000. Ukimwambia dereva wa Hiace alete 60,000 kwenye njia hii umemwambia akuletee hela ambayo haipo.

Sasa upande wako tajiri. Mwezi una siku 30 lakini gari inalala gereji, inakamatwa, inaenda ukaguzi, dereva anaumwa, mi naweka siku 24 za hela kamili. Coaster inakuletea 2,400,000. Toa sevisi ya mwezi kama 170,000, maana ile injini inakunywa lita kumi hivi za oili na kwa kilomita elfu tatu na zaidi kwa mwezi kwenye foleni na vumbi huwezi kuivusha sana. Toa tairi, Coaster ina tairi sita, nyuma ziko mbilimbili, zikidumu miezi kumi ni kama 210,000 kwa mwezi. Breki, bushi, shokapu, springi weka 200,000. Makaratasi yote ya mwaka ukiyagawa kwa miezi weka 150,000. Halafu 250,000 ya akiba ya injini na bodi ambayo huigusi. Jumla 980,000, inabaki 1,420,000. Gari ikiwa imekugharimu milioni 65 mpaka inaingia barabarani, inajilipa kwa miezi 46.

Hiace inaleta 1,080,000. Sevisi 100,000, tairi nne 110,000, breki na miguu 120,000, makaratasi 90,000, akiba 130,000, jumla 550,000, inabaki 530,000. Ukiwa umeinunua hapahapa ikiwa imetumika kwa milioni 24, inajilipa kwa miezi 45.

Umeona hapo, zimelingana. Hii huwa inawashangaza watu maana kila mmoja anadhani moja itaiacha nyingine mbali. Kwenye njia ya wastani gari kubwa inaleta hela nyingi ila na yenyewe ni ghali na inakula zaidi, mwisho wa siku muda unakuwa uleule. Tofauti inakuja njia ikiwa sio ya wastani.

Ichukue Coaster ileile uipeleke njia ambayo abiria ni wachache kidogo, punguza wakubwa watano tu kwa kila tripu. Watano mara 600 mara tripu 14 ni 42,000, na mafuta yanabaki yaleyale maana gari imetembea umbali uleule, konda ni yuleyule. Kile kinachobaki kwa dereva kinashuka mpaka 61,400, hesabu inakuwa 60,000, kwa mwezi 1,440,000, matumizi yako yako palepale 980,000, unabakiwa na 460,000. Milioni 65 gawa kwa hiyo, miezi 141, yaani zaidi ya miaka 11. Gari haifiki huko bila kuvunjwa injini na kujengwa bodi upya. Na kwenye njia hiyohiyo Hiace haijasikia kitu, kwa sababu wakiwepo watu 25 kwa tripu yenyewe inawataka 15 tu na imejaa.

Sasa geuza. Njia yenye watu mpaka saa nne usiku, soko huku hospitali kule, ongeza wakubwa wanne kwa tripu. Coaster inapata 33,600 zaidi kwa siku, hesabu inafika 130,000, mwezi 3,120,000, unabakiwa na 2,140,000 na gari inajilipa kwa miezi 30 na kidogo. Hiace kwenye njia hiyo inabaki na 45,000 yake maana viti vimeisha, abiria wanabaki kituoni wanaiangalia inaondoka.

Kwahiyo kitu cha kupima kabla ya kununua ni vichwa kwa tripu za mchana, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Asubuhi na jioni gari zote zinajaa hata ungeleta basi la ghorofa, haikwambii chochote. Kaa kituo cha katikati ya njia siku ya Jumanne au Jumatano, hesabu gari inayopita ina watu wangapi, fanya hivyo pande zote mbili, halafu rudi wakati shule zimefungwa uone zinavyoshuka. Coaster za mchana zikiwa zinapita na watu 10 au 12 huku zikikaa nusu saa kituo cha mwisho zikisubiri, hiyo ni njia ya Hiace. Hiace zikiwa zinapita zimejaa saa sita mchana na watu wanabaki, hapo nenda kaulize LATRA kama Coaster inaruhusiwa.

Na usiweke wasimamaji kwenye hesabu. Najua wanasimama, najua konda anasema "sogea nyuma kuna nafasi", ila siku trafiki wakiamua ni leveli siti hesabu yako yote inaanguka, na uzito ule unaliwa na springi na tairi zako wewe, hela wanagawana dereva na konda.

Kuhusu uimara. Hapa ukisema tu "Toyota haifi" utaibiwa, maana Coaster na Hiace zina injini tofauti tofauti na tofauti ni kubwa kuliko jina lililoandikwa nyuma.

Kwa Coaster za miaka ya 1993 kuja juu, injini ya kutafuta kwa daladala ni 1HZ, silinda sita, 4.2, haina tabo, pampu yake ni ya kawaida isiyo na kompyuta na mafundi wa kila gereji wanaijua, spea zake zinaingiliana na Land Cruiser kwahiyo zipo kila mkoa. Udhaifu wake ni taiming belti, inabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari ya mtumba huwezi kujua ilibadilishwa lini, kwahiyo ibadilishe siku unaichukua, ikikatika na injini inazunguka valvu zinagonga pistoni na unaanza kulia. 14B ya silinda nne nayo ni nzuri sana na inakula kidogo, haina belti ni gia, ila milima haipendi, mtu wa Mwanza au Mbeya aijaribu ikiwa imejaa kwanza. Coaster mpya zaidi zina N04C, yenye tabo na nozeli za kompyuta, inavuta vizuri lakini inataka dizeli safi na mtu mwenye mashine ya kusoma, na dereva wa daladala anayejaza kwenye madumu njiani atakuulia nozeli. Zile ni gari nzuri za kukodi na wafanyakazi wa kiwanda, daladala ntasita.

Hiace kwa daladala nachukua H100, ile ya zamani, injini 3L au 5L, zote za kawaida hazina tabo. Zinachoka polepole na zinakupa taarifa kabla, moshi unaongezeka, inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, unajipanga. Nazo zina taiming belti, usisahau. Adui yao ni kuchemsha, ikichemsha mara mbili tatu silinda hedi inapasuka, na kwa 1KZ yenye tabo hilo tatizo ni kubwa zaidi. H200 iliyoanza 2004 ni gari ya kisasa kweli, ila zenye 1KD zina shida inayojulikana kwenye nozeli, zile washa za shaba zinavuja, masizi yanaingia kwenye oili yanaziba chujio la ndani ya sampu, oili haipandi na injini inashika bila kukuonya sana. Ukiipenda hiyo fungua sampu uangalie chujio kabla hujailipia, muuzaji akikataa achana nayo. Na hata ikiwa nzima, H200 ya milioni 45 kwenye njia yetu ile ya 530,000 kwa mwezi inajilipa kwa miezi 85. Hiyo ni gari ya kukodi, ya shule, ya watalii, sehemu ambayo mtu analipia ubora.

Kitu kingine cha Hiace kinachopita bila watu kukiona ni asili yake. Nyingi zinazoingia zilikuwa za mizigo, zina viti vya mbele tu, madirisha na viti vinawekwa huku. Pandisha zulia uangalie viti vimefungwaje. Bolti iliyopita kwenye bati na kuwekewa kipande cha chuma kizito chini ni sawa, kiti kilichochomelewa kwenye bati tupu kitang'oka siku ya ajali na mkaguzi akiwa makini anakurudisha. Angalia na nyuma, unataka springi za majani. Zile Super Custom zilizojengwa kwa ajili ya familia zina koili nyuma, laini kukaa, ila ukizipakia kila siku zinalala.

Bodi nazo zimejengwa tofauti. Coaster bodi imekaa juu ya chesisi, kutu ikila bati la chini ya ngazi, la kwenye matairi na lile la boksi la betri unakata unachomelea na gari inaendelea na maisha. Hiace bodi ndo chesisi, kutu ikifika kwenye zile bimu za chini gari imekwisha hata kama injini ni mpya. Kwahiyo ukienda kukagua Hiace anza chini na bisibisi, gongagonga, rangi ya juu isikudanganye. Injini ikague ikiwa ya baridi kabisa, ukikuta muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika mwambie unarudi kesho asubuhi. Ikiwaka fungua kifuniko cha oili, mvuke ukitoka kwa nguvu kwa mapigo ringi zimechoka. Angalia maji ya rejeta kama yana mafuta juu. Halafu ipakie watu kweli, hata wa gereji uwape lifti, upandishe mlima, maana Coaster tupu zote zinavuta.

Rosa na Civilian kwa kifupi. Zinauzwa chini ya Coaster na viti ni vilevile. Rosa yenye 4D33 au 4M51 mi siiogopi kabisa, injini hizo ndo za Fuso Canter na Canter zimejaa nchi nzima, spea ya injini hukosi, tabu ni vioo na taa za bodi. Civilian yenye TD42 ni injini ngumu, inaingiliana na Patrol, ila Nissan wameshaacha kuitengeneza Civilian kwahiyo vitu vya bodi vitazidi kuwa adimu, na uwe mwangalifu na zile za TB45, hizo ni petroli 4.5, mtu ananunua kwa sababu ni rahisi na ni nzima kama mpya halafu hakuna dereva anayeleta hesabu. Bei ya kuuzia tena hapo ndo Coaster inazipiga, Coaster ya 1HZ hata ikichakaa ina mteja wiki hiyohiyo.

Sasa mwenye milioni 65 na njia ya wastani, LATRA wamekubali saizi zote mbili, afanyeje? Mimi ningechukua Hiace mbili za milioni 24, zinaleta 1,060,000 pamoja, na milioni 17 inabaki benki ya kuamshia injini au kununua ya tatu baadae. Inaleta chini ya Coaster kwa mwezi, kweli, ila moja ikilala gereji wiki mbili nyingine inaingiza, na Coaster moja ikilala wewe huna biashara. Gharama ya uamuzi huo ni madereva wawili waaminifu badala ya mmoja, na kama unajua huna hata mmoja, basi hilo linabadilisha jibu. Njia ikiwa ya watu wengi mchana Coaster moja kwa moja, hata kwa kusubiri miezi uongezee hela.

Mkopo unaharibu hii hesabu haraka. Ukikopa milioni 30 kati ya 65 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, mwezi wa kwanza riba peke yake ni 450,000, karibu theluthi ya kile kinachobaki kwenye Coaster yetu ya wastani, na marejesho yenyewe bado. Anayekopa achukue gari ndogo kwenye njia inayojaa, asichukue gari kubwa kwenye njia ya kubahatisha.

Na kwa watu wa Dar, miezi 46 ni mingi kwa barabara ambazo mwendokasi unakuja. Ilipoanza Kimara mwaka 2016 daladala za Morogoro Road ziliondolewa kwenye ile njia kuu zikapangiwa kwingine, na barabara za awamu zilizofuata zinajulikana, Kilwa kwenda Mbagala, Nyerere kwenda Gongo la Mboto, Bagamoyo kwenda Tegeta. Coaster inayotegemea barabara mojawapo ya hizo ihesabie miezi 24 au 30, ikishindwa kujilipa ndani ya huo muda usiiweke pale. Njia za kulisha vituo, zile za kutoka mitaani kuja kwenye mwendokasi, ndo zinaongezeka, ni fupi, watu wanashuka wote mwisho na kupanda wote mwisho, barabara nyingi ni nyembamba na za vumbi. Huko Hiace ya 5L yenye springi za majani inazunguka haraka kuliko Coaster na leseni yake inapatikana kirahisi zaidi, ila nenda kaulize kwanza ofisini kabla hujamlipa mtu wa yadi.